Wasifu wa dereva kwenye apu ya usafiri: wangu umerudishwa, tatizo ni nini?

Tairi_Jipya
Wakuu habari. Najiunga na apu ya usafiri kama mpeleka vifurushi kwa pikipiki. Leseni imepita, bima imepita, kadi ya pikipiki na picha pia. Kimebaki kisanduku kimoja cha kujitambulisha, mwisho herufi 300, na wanasema mteja atakisoma. Nimejaza, wamerudisha na maneno mawili tu: rekebisha maelezo. Nirekebishe nini, hawasemi. Nilichoandika ni hiki:

> Mimi ni dereva mzoefu, mchapakazi na mwaminifu. Sijawahi kupata ajali hata moja. Naujua mji wote kama kiganja changu. Napatikana saa 24 siku 7. Nafikisha mzigo haraka kuliko yeyote, najua vichochoro vyote. Nipigie wakati wowote (namba nimeifuta hapa).

Usalama nimetaja, uaminifu nimetaja, mji nimetaja. Wanataka nini tena?

Gari_Bovu
"Sijawahi kupata ajali" na "haraka kuliko yeyote" kwenye pumzi moja. Mkuu chagua moja, mteja asije akakuombea dua kabla hujafika 😂

Injinia_wa_Kijiwe
Tatizo ni namba ya simu. Hizi apu hazitaki mteja na dereva wapatane pembeni, kwa hiyo mfumo ukiona tarakimu zimefuatana unakataa hapohapo, hakuna mtu anayesoma. Toa namba, na rudia rudia maneno kama usalama, uaminifu, uzoefu. Kompyuta inayahesabu hayo. Utanishukuru.

Mwalimu_Pensheni
Kijana, wasifu una utaratibu wake. Anza na jina kamili, mahali na tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, kisha kazi ulizofanya kwa mpangilio wa miaka, umalizie na mambo unayoyapenda. Hapo juu hata hukusema umezaliwa lini.

Gari_Bovu
Mwalimu, herufi 300! Akifika darasa la nne kisanduku kimejaa.

Tairi_Jipya
Asante mwalimu, ila sidhani kama mteja anayesubiri kifurushi anataka kujua nilisoma wapi. @Injinia nimetoa namba nikatuma tena. Imerudi vilevile.

Injinia_wa_Kijiwe
Basi mfumo umeshakuweka alama. Subiri siku kadhaa ndiyo utume.

Msajili_Zamani
Niliwahi kukaa upande wa pili, nasajili madereva wa kampuni moja ya vifurushi. Kampuni siitaji, nilishaondoka. Injinia yuko sahihi kuhusu namba: namba ya simu, namba ya usajili wa pikipiki, anwani ya nyumbani, vyote havikai kwenye wasifu. Na mteja asipokuwa mtu mwema, hivyo vitakurudia wewe. Lakini habari ya kurudia maneno ili kompyuta ihesabu, sisi hatukuwa nayo. Kwetu kuna mtu alikuwa anasoma, tena kwa haraka, na alikuwa anatafuta kitu kimoja: maelezo yanayogongana.

Wako unagongana mwenyewe kwa mwenyewe. Unasema uko salama, halafu uko kazini saa 24. Unasema mwaminifu, halafu sifa yako ni vichochoro, na msomaji anajiuliza hivyo vichochoro ni pamoja na kupanda njia ya waenda kwa miguu? Ni pamoja na kuingia njia ya upande mmoja kinyume? Kila sifa uliyoiweka inaibomoa ya jirani yake.

Sasa nikuulize jambo moja kabla sijaendelea. Kwenye fomu yenyewe, pale wanapouliza kama umewahi kuhusika kwenye ajali au madai ya bima, ulijibu nini?

Tairi_Jipya
Nilijibu ndiyo, kwa sababu bima ililipa. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa, gari likarudi nyuma likaiangusha, taa na usukani vikaharibika. Mimi nilikuwa ndani ya jengo nakabidhi mzigo. Sasa hiyo nayo ni ajali yangu?

Kimya_Kingi
Ni ajali. Chombo chako, bima, madai. Kwa fomu ni ajali.

Gari_Bovu
Iliyopata ajali ni pikipiki. Yeye alikuwa anasainiwa risiti.

Kimya_Kingi
Pikipiki haiwezi kujaza fomu, Gari_Bovu. Mwenye kujaza ni yeye, na amejaza ndiyo, halafu kwenye wasifu ameandika "hata moja". Mimi ningekuwa msomaji ningemrudishia pia.

Msajili_Zamani
Ndiyo maana nimeuliza. Fomu huuliza tukio, haiulizi kosa. Ulijibu vizuri, usiibadilishe. Kinachokuangusha ni hayo maneno "hata moja", kwa sababu yako kwenye faili lilelile lenye ndiyo yako. Anayesoma hajui habari ya gari lililorudi nyuma. Anaona mtu anayesema mambo mawili.

Hata kama fomu ingekuwa safi, "sijawahi kupata ajali" peke yake haimwambii mtu chochote. Aliyeendesha wikiendi tu kwa miezi michache anaweza kuiandika, na aliyeko barabarani kila siku kwa miaka anaweza kuiandika. Barabara waliyoikabili si moja. Rekodi ya usalama ni lazima ibebe vitu viwili pamoja: kipindi gani, na kazi ya kiasi gani ndani ya kipindi hicho. Hapo msomaji ana cha kupima.

Injinia_wa_Kijiwe
Rekodi siku hizi inatoka kwenye simu yenyewe mkuu. Apu nyingi zinapima ulivyofunga breki ghafla, ulivyokata kona, mwendo, hata kama umeshika simu ukiendesha. Sasa wasifu wa nini? Watakujua tu.

Msajili_Zamani
Kweli zipo zinazopima hivyo, simu ina vipimo vya mwendo na mtikisiko ndani yake. Lakini hizo ni za baada ya kuanza kazi. Anayejiunga leo hana hata safari moja kwenye mfumo, na nyota hana. Wasifu unaziba pengo hilo la mwanzo. Wiki chache mbele nyota zikishakuwepo, mteja hatasoma tena.

Bi_Kipepeo
Mimi ni abiria, vifurushi napokea pia. Niseme ukweli wangu: habari ya ajali siisomi. Nani ataandika kwamba amegonga watu? Kwenye pikipiki ya abiria natafuta kama ana helmeti ya pili, basi. Kwa gari naangalia kama ameandika mikanda ya nyuma inafanya kazi. Vitu ambavyo nikifika nitaviona kwa macho. Akiniandikia ana helmeti ya abiria halafu akaja nayo inaning'inia kwenye usukani haina kifungo, nyota namnyima.

Mbeba_Dawa
Bi Kipepeo umenena. Ila kwa mleta mada ni vifurushi, helmeti ya pili haina nafasi. Kwake ushahidi wa macho ni sanduku lililofungwa imara nyuma, na mzigo kufika umesimama wima kama ulivyotoka.

Tairi_Jipya
Saa 24 nayo shida iko wapi? Si ndiyo kupatikana? Nimeona wengi wameandika hivyo.

Mbeba_Dawa
Shida ni kwamba si kweli, na apu inajua si kweli. Nafanya kazi ya kupeleka dawa, zamu za usiku nimezionja. Ukiandika saa 24, oda ya saa 9 usiku ikija ukiwa umelala, unaikataa au unaiacha ipite. Ukiipokea kwa usingizi halafu ukaghairi, hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu apu nyingi zinahesabu kughairi baada ya kupokea kwa ukali kuliko kukataa tangu mwanzo. Unaanza kazi na asilimia mbaya ya kughairi huku wasifu wako unasema unapatikana muda wote.

Mwalimu_Pensheni
Na hapo nina la kuongeza, ingawa mlinicheka. Utafiti wa miaka ya 1990 mwishoni na 2000 ulipima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo. Uwezo wao wa kuitikia na kuamua ulishuka kufikia kiwango cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa kikomo cha dereva. Kwa hiyo anayejisifia saa 24 anajisifia hali ambayo angekuwa amekunywa tungemkamata.

Gari_Bovu
Mwalimu amerudi na rungu. Naomba radhi kwa niaba ya kijiwe 🙏

Kimya_Kingi
Sawa, lakini mimi siamini wamemrudishia kwa sababu ya saa 24. Kila mtu anaiandika. Ingekuwa kosa wasingebaki madereva.

Msajili_Zamani
Inawezekana. Mimi nasema ningeitilia alama, sisemi ndiyo iliyomrudisha. Cha kufanya ni kuandika zamu yako halisi. Mteja mwenye duka anayetuma vifurushi kila asubuhi anamtaka mtu wa asubuhi. Akiona saa zako zinalingana na zake ameshakuchagua nusu.

Injinia_wa_Kijiwe
Tuje kwenye kuujua mji. Hapo ndipo penye uzito. London kila dereva wa apu lazima akariri mitaa yote 25,000 ndipo apewe kibali. Sisi mtu anaandika "naujua mji kama kiganja" na inatosha?

Mwalimu_Pensheni
Nusu tu ya hayo ni sahihi. Mtihani huo ni wa madereva wa zile teksi nyeusi, ulianza mwaka 1865, na mitaa ni kama 25,000 ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, katikati ya jiji. Watu huchukua miaka 3 au 4 kuufaulu. Dereva wa apu huko hafanyi mtihani huo, ana wake mwepesi zaidi wa kusoma ramani. Na mwaka 2000 watafiti walipiga picha za ubongo wa madereva wa teksi nyeusi wakakuta sehemu ya nyuma ya eneo linalotunza kumbukumbu za mahali ni kubwa kuliko ya watu wa kawaida.

Gari_Bovu
Tairi_Jipya andika: nina ubongo mkubwa nyuma.

Mbeba_Dawa
😂 Turudi. Kukariri mitaa simu inafanya. Kitu ambacho simu haijui ni mlango. Nitoe mfano wa kazi yangu. Hospitali kubwa, oda inasema peleka maabara. Ile alama ya kwenye ramani inaangukia katikati ya jengo, kwa sababu mfumo unachukua jengo zima kama nukta moja. Njia inakupeleka mtaa ulio karibu na hiyo nukta, ambao ni mtaa wa nyuma, na huko kuna ukuta mrefu na geti la magari ya taka limefungwa kwa mnyororo. Unazunguka hadi geti kuu. Mlinzi wa geti kuu anaruhusu wagonjwa tu, pikipiki ya mizigo anairudisha geti la pembeni ambako kuna daftari la kusaini, na kalamu yao huwa haina wino kwa hiyo unakuja na yako. Kutoka hapo maabara ni hatua chache.

Asiyejua anapoteza muda wote huo akiwa "amefika" kwenye apu, mteja anaona kinukta chako kimeganda nje ya ukuta na anadhani umekaa kijiweni. Anayejua anaenda geti la pembeni moja kwa moja. Huo ndio ujuzi wa mji, na unaandikika kwa maneno machache: najua milango ya kupokelea mizigo ya sehemu fulani na fulani.

Bi_Kipepeo
Hii ya kinukta kuganda imenigusa. Nilishamfokea mtu wa watu kwa simu kumbe anazunguka ukuta.

Msajili_Zamani
Mbeba_Dawa kaniwahi. Anayesema mji wote simwamini, hata aliyezaliwa katikati yake hazijui pembe zote. Taja maeneo matatu unayofanyia kazi kweli. Kama unajua kuna barabara inajaa maji mvua ikinyesha au soko linalofunga njia siku za gulio, hiyo pia ni dhahabu, ila kwa herufi 300 haitaingia. Iweke kichwani kwa siku mteja akiuliza.

Tairi_Jipya nipe: umeanza lini kupeleka mizigo, saa zako halisi, maeneo yako. Nikuandikie.

Tairi_Jipya
Tangu 2018, kila siku isipokuwa Jumapili. Alfajiri saa 12 hadi saa 9 alasiri, jioni nina shughuli nyingine. Soko kuu, hospitali na stendi. Lile gari lilinigongea pikipiki mwaka juzi.

Msajili_Zamani
Haya:

> Napeleka mizigo kwa pikipiki tangu 2018, kazi ya kila siku. Miaka 5 iliyopita sina ajali ya kosa langu. Nipo kazini saa 12 asubuhi hadi saa 9 alasiri, Jumatatu hadi Jumamosi. Nayajua maeneo ya soko kuu, hospitali na stendi, na milango yao ya kupokea mizigo. Nikichelewa nakujulisha mapema.

Imebanana lakini inaingia kwenye 300. "Tangu 2018" nimeiweka badala ya idadi ya miaka kwa sababu haichachi, mwakani bado ni kweli. Mzoefu, mchapakazi, mwaminifu nimeyatoa yote. Sentensi ya mwisho ndiyo uaminifu wenyewe, na mteja anaweza kukubana nayo.

Kimya_Kingi
"Ajali ya kosa langu" siipendi. Mteja akisoma anasikia neno ajali, anaanza kujiuliza na zile zisizo za kosa lako zilikuwa ngapi. Na nani alihukumu kosa? Polisi, bima, au wewe?

Msajili_Zamani
Bima ya upande wa pili ndiyo iliyolipa, nadhani. Tairi_Jipya thibitisha. Kama ni hivyo una karatasi, na karatasi hiyo inatosha kujibu swali la nani alihukumu.

Tairi_Jipya
Ndiyo, bima ya mwenye gari. Barua ipo.

Kimya_Kingi
Barua iko nyumbani, mteja yuko kwenye simu. Bado nasema toa sentensi nzima ya ajali, weka "leseni safi, bima hai, naendesha kwa mwendo wa sheria".

Mbeba_Dawa
Leseni na bima apu imeshazikagua, kila dereva humo anazo. Ukiziandika umetumia herufi kusema uko kama wengine. Mimi ningebaki na sentensi ya Msajili ila ningeikata: "miaka 5 bila kumgonga mtu wala kugonga chombo." Ni kweli, na haigongani na ile ndiyo ya kwenye fomu.

Bi_Kipepeo
"Bila kumgonga mtu" inatisha zaidi jamani! Kwani kumgonga mtu ndiyo kawaida?

Gari_Bovu
Andika tu "pikipiki yangu iligongwa ikiwa imelala, mimi sijambo."

Swali_Langu
Samahani kuingilia uzi. Mimi tatizo langu ni picha za kukabidhi mzigo, zinatoka na ukungu, mteja anasema hajapokea na sina ushahidi. Simu ni nzuri tu. Hii nayo naweza kuieleza kwenye wasifu?

Mbeba_Dawa
Usieleze, tengeneza. Simu unaifunga kwenye usukani moja kwa moja? Mtikisiko wa injini unaharibu kile kifaa cha ndani kinachotuliza kamera. Apple wenyewe walitoa onyo mwaka 2021 kuhusu kufunga simu zao kwenye pikipiki zenye injini kubwa, na kwa ndogo walishauri mshikio wenye raba ya kupunguza mtikisiko. Jaribu kupiga picha ya karatasi yenye maandishi simu ikiwa imetulia mezani. Ukungu ukibaki, kamera imeshakwenda.

Swali_Langu
Mezani pia ina ukungu. Basi imekwenda.

Injinia_wa_Kijiwe
Futa kioo cha kamera kwanza, wengi ni mafuta ya vidole.

Tairi_Jipya
Wakuu mrejesho. Nimetuma ya Msajili, ila ajali nimeweka hivi: "Tangu 2018 kazi ya kila siku, miaka 5 bila madai ya bima kwa kosa langu." Saa 24 na vichochoro nimevitoa. Imepita, akaunti imefunguka.

Injinia_wa_Kijiwe
Si nilisema? Zile siku kadhaa zimepita, alama imeondoka.

Kimya_Kingi
Imepita kwa sababu "hata moja" imeondoka, ikalingana na fomu.

Mbeba_Dawa
Au aliyekuwa zamu leo si yule wa mwanzo. Nimeona wasifu uleule ukikataliwa asubuhi ukapita jioni.

Msajili_Zamani
Hilo nalo lipo, siwezi kulikataa. Tairi_Jipya, zamu yako ikibadilika ukaanza kufanya jioni, badilisha hizo saa siku hiyohiyo. Ndicho kitu cha kwanza watu husahau, na mteja wa asubuhi atakutafuta bila kukupata.

Bi_Kipepeo
Mimi bado sijapenda hilo neno "kosa langu".